Mzazi anapocheza pensheni kwenye kasino ya simu

Familia nyingi hugundua kwa bahati tu. Binti anamsaidia baba yake kufuta picha kwenye simu iliyojaa, mara ujumbe wa benki unatokea juu ya kioo, kisha wa pili, kisha wa tatu. Watoto wengi wanaofika kwenye kituo chetu cha ushauri huanza maelezo yao hivyo. Kisa ninachokieleza hapa nimekiunga kutoka familia kadhaa ili asitambulike mtu.

Mzee huyu alistaafu, na baada ya muda si mrefu mkewe akafariki. Pensheni yake huingia usiku wa tarehe ile ile kila mwezi. Binti alipoitazama taarifa ya akaunti hakukuta pigo moja kubwa. Alikuta malipo madogo madogo 41, yote ya usiku ule pensheni ilipoingia, kati ya saa 7 na saa 10. Hiyo ndiyo alama ya kuitafuta. Anayepoteza kwenye kasino ya mtandaoni mara nyingi hatoi fedha nyingi kwa mkupuo. Anaongeza kidogo, zikiisha anaongeza tena, akijaribu kurudisha zilizokwenda.

Mzee mwenyewe aliamini mchezo wake, wa mashine ya kuzungusha picha kwenye simu, hauna hasara kubwa, kwa kuwa uliandikwa kwamba unarudisha asilimia 96. Alielewa kuwa akiingia na 100 atatoka na 96. Sivyo. Asilimia hiyo hukokotolewa kwa kila dau, wala si kwa fedha uliyoingia nayo. Tuseme dau ni 1, na anazungusha mara 10 kwa dakika. Kwa saa moja amezungusha mara 600, yaani ameweka madau ya 600, na kwa wastani 24 zimebaki kwa kasino. Kwa saa tatu ni 72. Ile 100 yake imepita kwenye mashine tena na tena, na kila ikipita inamegwa. Akipandisha dau hadi 2, hasara inakuwa mara mbili. Huo ni wastani tu. Usiku mmoja anaweza kushinda, na usiku mwingine akamaliza yote ndani ya nusu saa.

Kinachomfanya asione kumegwa huko ni kelele za mchezo. Ameweka 10, amerudishiwa 4, na muziki unapigwa kana kwamba ameshinda. Tena kuna usiku alishinda kweli, akaomba kutoa fedha. Ombi likakaa likisubiri, na pembeni yake kitufe cha kulighairi. Usiku uliofuata akalighairi, na kabla ya alfajiri hakikubaki kitu. Uingereza ilipiga marufuku mambo haya mwaka 2021: kughairi ombi la kutoa fedha, kushangilia marejesho yasiyozidi dau, na mizunguko ya chini ya sekunde 2.5. Nawaeleza watoto hili kwa makusudi, ili wasimwone mzazi wao kuwa mjinga. Anapambana na kitu kilichotengenezwa kimshike.

Kabla ya mazungumzo yoyote ya fedha, naomba mtoto aangalie boksi za dawa. Kuna dawa za ugonjwa wa Pakinsoni, na za miguu isiyotulia usiku, zinazoiga kazi ya dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kwenye ubongo. Pramipeksoli na ropiniroli ni miongoni mwake. Kwa baadhi ya watu huamsha hamu ya kamari isiyozuilika, hata kwa mtu ambaye hajawahi kucheza maishani. Aripiprazoli, inayotumika kwa magonjwa ya akili, nayo imewahi kuleta tatizo hilo. Mzee wetu alikuwa ameongezewa dozi ya mojawapo ya dawa hizi miezi michache kabla ya kuanza kucheza, na hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili. Dawa hizi zisikatishwe ghafla nyumbani, kwani kuziacha ghafla kuna hatari yake. Daktari aambiwe waziwazi kuhusu kamari, naye ataamua kupunguza au kubadilisha. Na kama mzazi amebadilika tabia kwa ujumla, amekuwa na maneno makali, hajali watu, anatapanya fedha hovyo, basi apimwe pia ubongo. Aina fulani za ugonjwa wa kudhoofika kwa akili huanza hivyo, kumbukumbu ikiwa bado nzuri.

Mara ya kwanza binti alikosea, kama wengi wanavyokosea. Aliwaita kaka zake, akachapisha taarifa ya benki, wakamweka baba kikao. Mzee akasema fedha ni zake, na hilo ni kweli. Kesho yake akabadilisha namba ya siri.

Mara ya pili alikwenda peke yake, asubuhi, wiki moja kabla ya pensheni kuingia. Makaratasi aliyaacha nyumbani.

"Baba, siku ile niliona ujumbe wa benki kwenye simu yako, na tangu hapo moyo wangu haujatulia. Kwanza naomba radhi kwa kile kikao. Usiku unapata usingizi kweli?"

Mzee alinyamaza muda mrefu. "Usiku ni mrefu sana, mwanangu, tangu mama yako aondoke."

Fedha zilizungumzwa baadaye siku hiyo hiyo, na yeye ndiye aliyezitaja. Binti alimuuliza maswali mawili tu, ambayo sisi pia tunayatumia: umewahi kujiona unahitaji kuongeza dau zaidi na zaidi? Umewahi kuwaficha watu wako kiasi unachocheza? Jibu la ndiyo kwa lolote kati ya hayo linatosha kumpeleka kwa mtaalamu.

Breki waliziweka pamoja, simu ikiwa mkononi mwa mzee. Waliagiza benki ihamishe fedha za kodi ya nyumba, dawa na chakula mara tu pensheni inapoingia, kwenda akaunti isiyo na kadi. Kiinua mgongo kilichobaki kiliwekwa mahali ambapo kukitoa kunahitaji taarifa ya siku kadhaa. Waliomba benki izuie malipo ya kamari. Kwenye malipo ya kadi, benki huyatambua kwa namba 7995 ya aina ya biashara, ingawa malipo yanayopitia mtu wa kati huweza kuponyoka. Ndiyo maana waliweka pia BetBlocker, programu ya bure inayofunga tovuti za kamari hadi muda uliochaguliwa uishe. Mwisho aliiomba kasino imfungie akaunti na iache kumtumia bonasi. Kasino isiyo na leseni hupuuza ombi kama hilo, kwa hiyo msitegemee hatua hii pekee.

Deni la kodi lilikuwepo. Binti alimlipa mwenye nyumba moja kwa moja, hakumpa baba fedha mkononi. Aliyepiga simu akidai atazirudisha fedha zilizopotea kwa ada ndogo hakujibiwa. Huyo ni tapeli anayewawinda waliokwisha kuliwa. Na ikiwa mzazi anasema afadhali asingekuwepo, muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua, msimwache peke yake, na tafuteni msaada wa dharura wakati huo huo. Aibu ya kupoteza akiba ya maisha ni nzito kuliko tunavyodhani.

Simu sasa huchajiwa sebuleni usiku. Tarehe ya pensheni binti huenda kulala kwa baba yake, na saa 7 mzee akiamka hukuta taa ya jikoni inawaka. Mwezi wa tatu aliteleza, akacheza kwa simu ya mjukuu. Asubuhi alimwita binti yake kabla hajaulizwa, akamtajia kiasi chote.