Maikrofoni Haijafa, Ni Programu Moja Iliyonyimwa Ruhusa

Kwa mara ya tatu mwezi huu nimeletewa simu ambayo mwenyewe ameshaambiwa kuwa maikrofoni yake imekufa na kwamba kibao kidogo cha chini, chenye tundu la chaji na maikrofoni, lazima kibadilishwe. Simu hiyo hiyo inapiga simu za kawaida, inarekodi sauti na inachukua video yenye sauti safi. Kinachokataa ni programu moja tu. Naandika haya kwa sababu inaniuma kuona mtu akilipia kipuri ambacho hakuhitaji, kisha akarudi nyumbani na tatizo lile lile alilotoka nalo.

Maikrofoni haijui ni programu gani inayoisikiliza. Ikifa, imekufa kwa programu zote. Ikiwa inafanya kazi kwa programu nne na kukataa kwa ya tano, basi aliyekataa ni mfumo wa simu, ambao husimama katikati ya kifaa na programu na kuamua nani apitishwe. Tangu Android 6 ilipotoka mwaka 2015, uamuzi huo hufanywa kwa kila programu peke yake, na hufanywa na mwenye simu anapobonyeza kijisanduku kinachomuuliza kama anaruhusu. Wengi hukibonyeza bila kukisoma, na baada ya siku mbili wamekwisha sahau kuwa waliulizwa.

Kabla sijaendelea, naomba ulinganisho ufanywe kwa haki, maana hapa hata mafundi wazoefu huteleza. Simu nyingi zina maikrofoni zaidi ya moja: ya chini, inayopokea sauti unapoweka simu sikioni, na nyingine ya juu au karibu na kamera ya nyuma, inayosaidia kupunguza kelele na kurekodi video. Kamera nazo ni mbili au zaidi. Mtu anaponiambia kuwa kamera inafanya kazi kila mahali isipokuwa kwenye programu ya mikutano, humwomba kwanza afungue kamera ya kawaida na kuigeuza upande wa uso wake, kwa kuwa programu ya mikutano hutumia kamera ya mbele, na yeye alikuwa akijaribu ya nyuma. Kwa sauti, nafungua kinasa sauti cha simu, narekodi nusu dakika na kusikiliza, kisha nachukua video fupi kwa kamera ya mbele na kuisikiliza pia. Vyote viwili vikitoa sauti safi, naiweka bisibisi chini na kufungua mipangilio.

Mteja wa mara hii ni mwalimu wa sekondari mwenye simu ya Android 13. Programu iliyomsumbua ni ya mikutano ya video, ambayo huitumia wakati wa likizo tu, anapowafundisha wanafunzi wa kidato cha nne wakiwa makwao.

“Fundi, wananiona vizuri kabisa, lakini hawanisikii hata neno moja,” alisema. “Nimeambiwa maiki imekwisha.”

“Mwalimu, wakati wa likizo iliyopita walikuwa wanakusikia?”

“Walinisikia bila shida yoyote.”

Nilibonyeza alama ya ile programu na kuishikilia, nikachagua `App info`, kisha `Permissions`. Kamera ilikuwa kwenye orodha ya zilizoruhusiwa. Maikrofoni ilikuwa chini, kwenye orodha ya zilizokataliwa. Nilipoigusa, alama ilikuwa kwenye `Don't allow`. Nikaihamishia kwenye `Allow only while using the app`, nikaifunga programu kabisa na kuifungua upya, tukaingia kwenye mkutano wa majaribio kwa simu yangu, na sauti yake ikasikika. Kazi hiyo haikufika dakika mbili.

Kilichotuchukua muda ni kuelewa ruhusa ilipotea vipi, kwa sababu mwalimu aliapa kuwa hajagusa kitu. Alikuwa anasema kweli kwa sehemu. Tangu Android 11, ya mwaka 2020, programu ikikaa miezi kadhaa bila kufunguliwa, mfumo huinyang'anya ruhusa nyeti wenyewe. Kwa hiyo likizo ilipofika, programu ilianza upya na kumuuliza kuhusu kamera na maikrofoni. Siku ya kwanza alijiunga na mkutano wa walimu akiwa ndani ya daladala, akitaka kusikiliza tu, akakataa maikrofoni ili kelele za njiani zisiwafikie wenzake. Siku ya pili alifanya vile vile.

Hapa ndipo penye jambo ambalo natamani kila mwenye simu alijue. Kukataa ruhusa si sawa na kuzima sauti ndani ya mkutano. Kitufe cha kuzima sauti ni cha programu, na ukikibonyeza tena sauti inarudi. Kukataa ruhusa ni agizo ulilouachia mfumo wa simu, nao huliweka hadi utakapolifuta mwenyewe. Zaidi ya hapo, kuanzia Android 11, ukiikatalia programu ruhusa ile ile mara mbili, mfumo huchukulia kuwa umekataa moja kwa moja na hauonyeshi tena kile kijisanduku. Programu inaomba, mfumo unakataa kimyakimya kwa niaba yako, na wewe huoni swali lolote kwenye kioo. Mwalimu alikuwa akibonyeza alama ya maikrofoni ndani ya mkutano mara kumi, ishirini, na hakuna kilichotokea. Ni rahisi kuona kwa nini aliamini kifaa kimekufa.

Anayetaka kuliona agizo lenyewe, aunganishe simu na kompyuta yenye zana ya `adb` na kuandika amri hii, akiweka jina halisi la kifurushi cha programu yake mahali pa lile la mfano:

```
adb shell "dumpsys package com.mfano.mkutano | grep RECORD_AUDIO"
```

Katika majibu, tafuta mstari wenye `granted`. Ukikuta `granted=false` pamoja na neno `USER_FIXED`, mfumo unakuambia kuwa mwenye simu ndiye aliyekataa, na kwamba hautamuuliza tena.

Sasa nifike kwenye ushauri unaonikera kuliko yote, ule wa kufuta programu na kuisakinisha upya, au kuifomati simu nzima. Ushauri huo mara nyingi huonekana kufanya kazi, na ndiyo maana haufi. Lakini haufanyi kazi kwa sababu wanayoitoa. Wanasema programu iliharibika au simu iliingiwa na virusi. Ukweli ni kwamba ukiifuta programu, mfumo hufuta pamoja nayo kumbukumbu ya yale uliyoikatalia, hivyo programu inaporudi huuliza upya kama mgeni, na safari hii mtu hubonyeza kuruhusu kwa kuwa anataka tatizo liishe. Kufuta data za programu hufanya vivyo hivyo, ilhali kufuta kashe peke yake hakugusi ruhusa, na ndiyo sababu ya wale wanaolalamika kuwa wamesafisha kashe mara nne bila mafanikio. Mtu amepoteza mazungumzo yake, rekodi zake, pengine picha za simu nzima, ili kupata kile ambacho angekipata kwa kugusa kioo mara tano.

Swichi za faragha za simu nzima ni suala jingine, na watu huzichanganya na ruhusa. Android 12, ya mwaka 2021, ilileta vitufe viwili kwenye paneli ya kushusha kutoka juu, kimoja cha kamera na kingine cha maikrofoni. Ukizima kimoja, programu zote hukatiwa kwa pamoja, hata zile zenye ruhusa. Dalili zake ni tofauti: programu haipati katazo, inapewa picha nyeusi au ukimya, na yenyewe huamini inarekodi. Kwa hiyo ukiona rekodi yenye urefu wa sekunde arobaini isiyo na sauti yoyote ndani yake, anza na kitufe hicho. Ukiona programu inalalamika kuwa haina ruhusa, au kitufe chake cha kurekodi hakiitiki, anza na ruhusa ya programu.

Kwa wanaofanya mikutano kupitia kivinjari, milango ni miwili. Kivinjari chenyewe kinahitaji ruhusa ya mfumo, na tovuti unayoitembelea inahitaji ruhusa ya kivinjari, inayopatikana kwa kugusa alama iliyo kushoto mwa anwani. Kamera ikikubali kwenye tovuti moja na kukataa kwenye nyingine ndani ya kivinjari kile kile, usipoteze muda kwenye mipangilio ya simu.

Kwenye kompyuta ya Windows 11 mambo yanafanana, ila kuna mtego mmoja. Ukifungua `Settings`, kisha `Privacy & security`, kisha `Camera`, utakuta programu zilizotoka dukani kwa Microsoft zina swichi moja moja, lakini zile ulizopakua mwenyewe, vikiwemo vivinjari vingi, zote ziko chini ya swichi moja iitwayo `Let desktop apps access your camera`. Hiyo ikizimwa, programu ya kamera ya Windows huonyesha sura yako vizuri huku kivinjari kikidai hakuna kamera.

Lazima nikiri kuwa orodha ya ruhusa si ushahidi kamili. Nimewahi kukuta ruhusa imewashwa, swichi imewashwa, na bado programu haisikii. Mara nyingi kulikuwa na programu nyingine iliyokuwa imeishika maikrofoni, kwa mfano kinasa cha mazungumzo kilichoachwa kikiendelea nyuma, na Android humpa mmoja sauti na mwingine ukimya. Katika hali hiyo natazama dashibodi ya faragha, iliyokuja na Android 12, inayoonyesha ni programu zipi zilizotumia maikrofoni katika saa 24 zilizopita na wakati gani. Programu yenye tatizo ikionekana pale, mfumo uliipa maikrofoni, na kosa liko mbele zaidi. Isipoonekana kabisa, ilizuiwa mlangoni.

Pia kuna simu moja, ya kijana wa duka la jirani, iliyonilazimisha kula maneno yangu. Simu za kawaida zilisikika, na programu ya kuchukulia video haikutoa sauti. Nilimhakikishia kuwa ni ruhusa. Ruhusa zilikuwa sawa zote. Nilipochukua video kwa kamera ya simu yenyewe nikakuta nayo ni kimya, na nilipogusa tundu la juu kwa ncha ya ukucha huku nikirekodi, hapakusikika hata mkwaruzo. Maikrofoni ya juu ndiyo iliyokufa, ya chini ilikuwa nzima. Tangu siku hiyo sifungui mipangilio ya simu yoyote kabla sijarekodi kwa njia zote mbili na kusikiliza kwa masikio yangu.