Kumi na nane ni ya sukari tu

"Mama karudi Chake Chake na ripoti ya India: kolesteroli 232 mg/dL. Ili nipate mmol/L nimegawa kwa 18 kama sukari, nimepata 12.9. Ndiyo sawa?"

Hapana. Kipimo cha mmol huhesabu idadi ya molekuli, mg hupima uzito, na molekuli ya kolesteroli ina uzito unaozidi mara mbili ule wa glukosi. Gawa kwa 38.67: 232 ÷ 38.67 = 6.0 mmol/L. Imepanda, ndiyo, lakini iko mbali na ile 12.9 ya kutisha. LDL na HDL, ambazo ni aina za kolesteroli, nazo hugawanywa kwa 38.67. Angalieni trigliseridi, mafuta mengine ya damu: iko kwenye karatasi hiyo hiyo, lakini hugawanywa kwa 88.57. Sukari ya 126 mg/dL ndiyo ya kugawa kwa 18, inakuwa 7.0.