Linki iliyokufa sio chanzo feki

Watu wengi wakisikia makala imefutwa Wikipedia kwa sababu imeandikwa na akili mnemba, wanadhani mhariri kasoma tu akaona lugha imenyooka sana basi kafuta. Hapana. Lugha inatia shaka tu, kinachoamua mara nyingi ni rejea zile za chini kabisa ambazo msomaji wa kawaida hata hazigusi, na sisi wakutubi ndo tunaulizwaga kuhusu hizo.

Chukua kitabu kilichotajwa na ISBN, ile namba ya utambulisho wa vitabu, 978-0-306-40615-4. Namba ya mwisho huwa ni ya kuhakiki hizo 12 za mbele. Unazidisha ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, unaendelea hivo hivo kwa kupokezana, halafu unajumlisha na kuongeza ile ya mwisho, na jibu lazima ligawanyike kwa 10. Hapa 12 za mbele zinaleta 93, ukiongeza 4 unapata 97, kwahiyo namba ina kasoro, ilitakiwa iishie na 7. Ila usikimbilie kufuta! Inawezekana mtu kakosea kutaipu, na namba ya kubuni nayo inaweza ikapita kwa bahati, mara moja katika kumi hivi. Kwahiyo unatafuta jina la kitabu lenyewe kwenye katalogi za maktaba.

DOI, ile namba ya makala za kitaaluma, ndo inaumbua zaidi. Unaibandika doi.org, makala ya wikipedia inaongelea ngome ya kale, we unatua kwenye utafiti wa magonjwa ya samaki.

Linki isiyofunguka ni kesi nyingine kabisa, tovuti zinakufa kila siku, so unaipeleka kwanza Wayback Machine, tovuti inayohifadhi nakala za kurasa za zamani. Ikikutwa kule basi chanzo kilikuwepo, unaweka nakala hiyo na maisha yanaendelea. Isipokutwa bado haijathibitisha kitu, maana sio kila ukurasa ulihifadhiwa. Na ukiona linki ina `utm_source=chatgpt.com` jua tu imetoka ChatGPT, chanzo chenyewe kinaweza kuwa cha kweli kabisa, kifungue usome kama kinasema kilichoandikwa.

Sasa kufuta. Mwaka 2025 Wikipedia ya Kiingereza ilipitisha kigezo kinaitwa G15, kinachoruhusu ukurasa ufutwe haraka bila mjadala mrefu ukiwa na dalili za wazi kwamba hakuna binadamu aliyeupitia, mfano rejea za vitu visivyokuwepo, au maneno ambayo mashine ilikuwa inamwambia aliyeituma yakabaki humo humo. Mtindo wa uandishi peke yake hautoshi. Kama makala ilikuwepo miaka na mtu kaja juzi kuongeza aya mbili za uongo, unarudisha toleo la zamani, hufuti ukurasa mzima. Halafu, na hii wengi wanaisahau, fungua orodha ya michango ya huyo mtu, kwa sababu aliyebuni rejea sehemu moja mara nyingi kapita na kwingine.