Siku Ngapi Kutoka Jumatatu Hadi Ijumaa? Hesabu Jumuishi na Hesabu Isiyojumuisha

Waulize watu wawili ni siku ngapi kutoka Jumatatu hadi Ijumaa, na huenda mmoja akajibu tano na mwenzake nne, bila yeyote kati yao kukosea hesabu. Aliyesema tano ametaja siku zenyewe moja baada ya nyingine, Jumatatu na Ijumaa zikiwemo. Aliyesema nne amehesabu hatua za kutoka siku moja kwenda inayofuata, na hatua ya kwanza hukamilika Jumanne. Njia ya kwanza huitwa hesabu jumuishi, kwa kuwa hujumuisha mwanzo na mwisho. Ya pili ni hesabu isiyojumuisha, ambayo huacha siku moja ya pembeni, kwa kawaida ile ya kuanzia. Lipo pia jibu la tatu, lisilotumika sana, la siku zilizo katikati tu: Jumanne, Jumatano na Alhamisi, yaani tatu.

Kwa tarehe zilizo katika mwezi mmoja, kutoa tarehe ya kwanza katika ya mwisho hukupa hatua, wala si siku. Tarehe 3 Juni 2024 ilikuwa Jumatatu na tarehe 7 ilikuwa Ijumaa; 7 kutoa 3 ni 4, na anayetaka siku zenyewe lazima aongeze 1. Hapa ndipo watu wengi huteleza, kwa sababu kutoa kunaonekana kumemaliza kazi, ilhali kumeiondoa siku ya kwanza kimyakimya. Ukitaka kujua kanuni uliyoshika ni ipi, ijaribu kwa siku moja pekee: kutoka Jumatatu hadi Jumatatu hiyohiyo, hesabu jumuishi hutoa 1 na isiyojumuisha hutoa 0. Mtu aliyefanya kazi Jumatatu tu amefanya kazi siku 1, na kwake jibu la 0 haliwezi kuwa sahihi.

Majina yetu ya siku yenyewe yamejengwa kwa hesabu jumuishi. Jumamosi ni ya kwanza, Jumapili ya pili, Jumatatu ya tatu. Hata hivyo, kutoka Jumamosi hadi Jumatatu ni hatua mbili tu.

Hatari hujitokeza zaidi pale vipindi vinapounganishwa. Tuseme fundi amefanya kazi Jumatatu hadi Jumatano, kisha karatasi ya pili ikaandikwa Jumatano hadi Ijumaa. Kwa hesabu jumuishi kila karatasi ina siku 3, na jumla inakuwa 6 ingawa siku zilizopita ni 5, kwa kuwa Jumatano imehesabiwa mara mbili. Hatua hazina tatizo hilo: 2 na 2 ni 4, sawasawa na hatua za kutoka Jumatatu hadi Ijumaa. Jumla inapozidi kwa idadi ileile ya maungio ya vipindi, chunguza kwanza siku za mipakani.

Kosa la aina hii liliwahi kuivuruga kalenda nzima. Kalenda ya Julius Kaisari, iliyoanza kutumika mwaka 45 KK, ilitaka siku moja iongezwe kila mwaka wa nne. Makuhani wa Roma, waliozoea hesabu jumuishi, waliuhesabu mwaka wa nyongeza iliyotangulia kuwa wa kwanza, wakawa wanaongeza siku kila baada ya miaka mitatu. Katika miaka 36 zikaingia siku 12 badala ya 9, na ilimbidi Kaisari Augusto asitishe nyongeza hizo kwa muda hadi ziada ilipofutika.

Kwa hiyo anayeulizwa athibitishe kwanza, na namna ya kuuliza ina uzito wake. Kumuuliza mtu kama anataka hesabu jumuishi humlazimu ajue istilahi; ni afadhali kumuuliza kuhusu siku ya pembeni yenyewe. Mfanyakazi akisema, "Naomba ruhusa kutoka Jumatatu hadi Ijumaa," swali linalofaa ni, "Ijumaa utakuwa kazini au bado utakuwa mapumzikoni?" Akiwa bado mapumzikoni, ruhusa ni ya siku 5; akirudi Ijumaa asubuhi, ni siku 4. Kwa mgeni anayehitaji malazi, ulizia usiku atakaolala: akifika Jumatatu na kuondoka Ijumaa, atalala mara 4, ijapokuwa ataonekana hapo katika siku 5.

Neno "hadi" peke yake haliamui jambo hili, na "ndani ya siku 3" haisemi kama leo ni ya kwanza. Pale usipoweza kumpata muulizaji, jibu liandikwe pamoja na sharti lake: "Ni siku 5, Jumatatu na Ijumaa zikiwemo; ukianza kuhesabu Jumanne, ni 4."