Hemoglobini 18: si kila damu nyingi ni afya

Dhana: Hemoglobini ikiwa juu, una damu ya kutosha, shukuru Mungu.

Tumezoea kuhofia upungufu wa damu, hata namba kubwa tunaipokea kwa furaha. Ila kipimo cha hemoglobini, protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni, hupima ukolezi: gramu ngapi ziko katika desilita moja ya damu. Ikizidi 16.5 kwa mwanamume au 16 kwa mwanamke, sababu itafutwe. Huenda chembe nyekundu hazijaongezeka hata kidogo. Mtu aliyeharisha siku mbili hupungukiwa maji, na damu yake hukolea kama mchuzi uliokaa sana jikoni. Mwili ukisharudisha maji, kipimo kirudiwe.

Dhana: Kama unavuta sigara, basi sababu ni sigara.

Hii ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa kuwa nusu yake ni kweli. Kaboni monoksidi ya moshi hukalia nafasi ya oksijeni kwenye hemoglobini. Figo zikihisi uhaba, hutoa homoni ya erithropoietini, nayo huuamuru uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu zaidi. Ndivyo ilivyo pia kwa mkazi wa Iten, Kenya, kwenye mita 2,400 hivi, ambako hewa ni nyepesi. Hapo uboho unatii amri tu.

Katika polisithemia vera, aina ya saratani ya damu, uboho wenyewe ndio umeharibika. Karibu wagonjwa wote wana badiliko la jeni ya JAK2, linaloufanya uzalishe chembe bila kuagizwa. Figo huona damu imejaa na kupunguza homoni, hivyo erithropoietini kwa kawaida husoma chini.

Chukua mfano wa mvutaji wa miaka 58: hemoglobini 18.6, na hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu, asilimia 56. Anaambiwa aache sigara, arudi baada ya miezi sita. Ushauri wa kuacha ni sahihi, lakini karatasi ileile inaonyesha chembe sahani, zile za kugandisha damu, 640 na chembe nyeupe 14, zote juu. Sigara yaweza kupandisha chembe nyeupe kidogo. Chembe sahani kiasi hicho haielezi. Akiulizwa, anasema ngozi humwasha kila akitoka kuoga, na bandama yake imevimba hadi inapapasika. Huyu apimwe JAK2 na erithropoietini sasa, asingoje, maana damu ya namna hii huganda kwenye mishipa ya ubongo, moyo na hata ini.

Ugonjwa ukithibitika, hutolewa damu kwa awamu mpaka hematokriti ishuke chini ya asilimia 45, na hupewa aspirini ya dozi ndogo ikiwa hana hatari ya kutokwa damu. Wagonjwa waliopita miaka 60 au waliowahi kugandisha damu, wengi huongezewa haidroksiyurea, dawa ya kupunguza uzalishaji wa chembe. Yeye wa miaka 58 huenda asiihitaji bado.

Dhana: Kipimo kikionyesha chuma kidogo, ameze vidonge vya chuma.

Kwa mgonjwa huyu chuma kimetumika kutengeneza chembe zilizozidi, na kingine hutoka na damu inayotolewa. Akijinunulia vidonge dukani, uboho unapata malighafi na hematokriti hupanda upya. Amuulize kwanza daktari wake wa damu.