Barua ya mistari mitatu na kiti cha inchi 18

Barua yangu ya kwanza ya kumwombea mtoto kiti mwendo ilikuwa na mistari mitatu. Niliandika kwamba mtoto ana miaka 6, ana mtindio wa ubongo, hawezi kukaa wala kutembea, kwa hiyo anahitaji kiti mwendo. Nikagonga muhuri. Miezi mitano baadaye kiti kikaja, kipya kabisa, cha kukunja, upana wa kukalia inchi 18. Mtoto mwenyewe alikuwa na upana wa sentimita 24 nyongani, yaani inchi 9 na kitu. Tulipomweka akaangukia upande mmoja, tukajaza khanga pande zote mbili, na mama yake akasema kwa upole, "Dokta, hapa si bora nimbebe tu."

Aliyetuma kiti hakukosea. Niliomba kiti mwendo, akaleta kiti mwendo.

Mimi ni mfiziotherapia hapa Tabora, na barua hizi sasa nimeandika nyingi. Msomaji wa kwanza huwa afisa ustawi wa jamii, kisha mfadhili au kamati yake, na mara nyingi hakuna hata mmoja aliyewahi kumgusa mtoto aliyekakamaa. Wanataka kujua jambo moja: kwa nini kiti hiki cha bei kubwa, na si kile cha kukunja kilichopo stoo? Jina la ugonjwa halijibu swali hilo. Watoto wawili wenye mtindio wa ubongo wanaweza kuhitaji vitu tofauti kabisa. Mmoja anakimbia akichechemea, mwingine hawezi kushika kichwa. Ndiyo maana siku hizi natanguliza ngazi ya mtoto katika GMFCS, kipimo cha jinsi mtoto anavyoweza kujongea, chenye ngazi 5. Ngazi ya 1 anatembea bila kushikwa, ngazi ya 5 anasukumwa kila aendako. Mstari mmoja unatosha, lakini nauandika kwa maneno ya kawaida pia, maana namba peke yake haimwambii afisa chochote.

Nieleze barua ya pili ya mtoto huyohuyo, alipofika miaka 7. Kwao ni kijijini, wilaya ya Uyui.

Nilianza na mkeka chini. Nilimlaza chali, nikakunja goti lake, kisha nikalisogeza paja kuelekea tumboni huku mkono wangu mwingine ukiwa chini ya kiuno chake. Kinachotafutwa si paja linafika wapi. Kinachotafutwa ni pale ambapo fupanyonga linaanza kujiviringisha, kwa sababu kuanzia hapo nyonga imekwisha kukunjika na unachokunja sasa ni mgongo. Mguu wa kushoto ulifika pembe mraba, yaani nyuzi 90, bila shida. Wa kulia uliishia nyuzi 80. Nikarudia mara tatu, polepole, maana misuli iliyokakamaa ukiiharakisha inakudanganya.

Nyuzi 10 zinazopungua zinaonekana kidogo, lakini ndizo zilizobeba barua nzima. Kiti cha kawaida kina karibu nyuzi 90 kati ya pa kukalia na egemeo la mgongo. Nyonga isiyofika 90 ikilazimishwa humo, fupanyonga linarudi nyuma, mgongo unapinda kama upinde, makalio yanateleza mbele, na kichwa kinaanguka. Mzazi anasema mtoto "anateleza kwenye kiti", na mtu anaongeza mkanda wa kifua. Huo ni hatari. Makalio yakiendelea kuteleza, mkanda wa kifua unapanda hadi shingoni. Mtoto huyu alihitaji kiti kilichofunguka nyuzi 100 kati ya pa kukalia na egemeo la mgongo, na mkanda unaopita chini, kwenye mkunjo wa nyonga.

Kisha nilishika nyonga palepale ilipoishia, nikajaribu kunyoosha goti. Likakwama kabla ya kufika pembe mraba. Misuli ya nyuma ya paja imeshikamana na fupanyonga kwa juu na mguu kwa chini, kwa hiyo ukiisukuma miguu mbele ili ifike kwenye kikanyagio, unaivuta nyonga itoke kwenye kiti. Vikanyagio vya kiti cha kukunja viko mbele sana. Vyake vilitakiwa viwe chini ya magoti, vikirudi nyuma kidogo. Ukiangalia tu mtoto aliyekaa vibaya hutajua hili. Utadhani mgongo ndio dhaifu.

Baada ya mkeka nikamkalisha kwenye ukingo wa benchi. Nilipiga magoti nyuma yake, mapaja yakiwa yameachwa yashuke kidogo mbele ili nyonga ipate zile nyuzi 100, nikashika fupanyonga kwa mikono miwili na kulizuia lisirudi nyuma. Mikono yangu ilikuwa kiti. Mwenzangu alishika simu na kupima muda. Bila kushikwa, kichwa kilisimama sekunde 8 kikaanguka. Nyonga ikishikwa, kilisimama dakika 2 na zaidi, akageuka kumtafuta mama yake. Mama akacheka: "Kumbe ana shingo huyu!"

Tukamwomba mama amlishe uji, kwanza kama afanyavyo nyumbani, amempakata, kichwa kimelala nyuma. Vijiko 10, akakohoa mara 6. Halafu palepale kwenye benchi, nyonga imeshikwa na kidevu kimeinama kidogo: vijiko 10, kikohozi mara moja. Kichwa kikilala nyuma uji hukimbilia koo kabla mtoto hajawa tayari kumeza, na unaopotea njia unaishia mapafuni. Kadi yake ilionyesha kulazwa kwa nimonia mara 2 ndani ya mwaka mmoja. Sikuandika kwamba uji ndio uliosababisha, kwa kuwa sina ushahidi huo. Niliweka kadi na hesabu ya kikohozi karibu karibu, basi.

Vipimo vyenyewe ni vichache, na huchukuliwa akiwa amekaa kama atakavyokaa, si amelala. Upana wa nyonga sentimita 24. Paja, kuanzia nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, 31 kulia na 30 kushoto. Unachukua lile fupi na kutoa 3 ili ukingo wa kiti usikwaruze nyuma ya goti, kwa hiyo kina cha pa kukalia ni 27. Kina kikizidi, mtoto hujivuta mbele ili magoti yakunjike, na umerudi kulekule kwenye kuteleza. Kutoka nyuma ya goti hadi kisigino ni 27.

Halafu mchanga. Kutoka nyumbani kwao hadi zahanati na shule ni njia ya mchanga mtupu, ule wetu wa chini ya miombo unaomeza kandambili. Magurudumu madogo ya mbele ya kiti cha hospitali huzama humo na kumtupa mtoto mbele. Nilipita njia hiyo kwa miguu na kuandika kile nilichokiona, nikapima na mlango wa nyumba: sentimita 68. Kwa hiyo barua iliomba gurudumu kubwa la mbele na umbo refu lisilopinduka, jumla ya upana isizidi 62. Wafadhili wengi hudhani kwa njia mbaya dawa ni ile baiskeli ya magurudumu matatu ya kuzungusha kwa mikono. Ni chombo kizuri kwa mwenye mikono na mgongo imara. Mtoto huyu hana hata kimoja.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2008 unasema kiti kinachofaa ni kile kinacholingana na mahitaji ya mtumiaji na mazingira yake, kinachomkaa na kumshikilia vizuri, kilicho salama na cha kudumu, na kinachoweza kupatikana na kutengenezwa nchini kwa gharama inayobebeka. Sentensi hiyo ndiyo mifupa ya barua yangu. Kila nilichoomba nilikifunga na nilichokiona. Aya ya katikati ilisomeka hivi:

"Nyonga ya kulia inakunjika nyuzi 80 tu. Kwa hiyo ninaomba egemeo la mgongo linaloweza kufunguliwa hadi nyuzi 100. Kiti cha kukunja chenye upana wa inchi 18 kilijaribiwa kwa miezi 4: mtoto aliteleza ndani ya dakika 5, na ngozi juu ya mfupa wa mkia ilikuwa nyekundu kwa zaidi ya nusu saa baada ya kutolewa. Nyonga ikishikiliwa katika pembe inayomfaa, anashika kichwa kwa dakika 2 badala ya sekunde 8."

Kile kiti kibovu, kama mnavyoona, kiligeuka kuwa shahidi wangu bora.

Niliomba pia mto wenye kingo ndogo mbele ya mifupa ya makalio, maana hiyo ndiyo inayozuia kuteleza. Watu wengi wanakitegemea kile kizuizi cha katikati ya mapaja kwa kazi hiyo. Kizuizi hicho kazi yake ni kutenganisha mapaja yanayokatana kama mkasi. Mtoto akining'inia juu yake ataumia sehemu za siri. Meza ya mbele sikuomba. Mjomba wake ni fundi seremala, na barua inayoomba kila kitu hukatwa kila kitu.

Kuna sentensi mbili nilizifuta. Ya kwanza ilisema kiti kitamwezesha kutembea baadaye. Mtoto wa ngazi ya 5, kama huyu, hataanza kutembea kwa kupewa kiti, na afisa akimwona bado amekaa baada ya mwaka ataona nilimdanganya. Ya pili ilisema kiti kitazuia nyonga kuchomoka. Utafiti wa Australia uliochapishwa 2006 uliona nyonga zikisogea kutoka mahali pake kwa watoto 9 kati ya 10 wa ngazi hiyo. Kiti kizuri kinasaidia mkao, lakini nyonga bado inataka kufuatiliwa kwa eksirei. Nikaandika hivyo hivyo, pamoja na tarehe ya vipimo na ombi kwamba kiti kikichelewa zaidi ya miezi 6 tumpime upya kabla hakijatumwa.

Kilichelewa miezi 7. Tulimpima upya: paja la kushoto limefika 31, nyonga ya kulia ile ile. Siku ya kumkalisha tulitumia karibu saa mbili na spana mbili, tukirudisha egemeo la mgongo nyuma tundu moja na kupandisha vikanyagio. Kisha nikapitisha kiganja chini ya mifupa ya makalio kuona uzito umegawanyika sawasawa, tukamwacha nusu saa, tukamtoa na kuangalia ngozi. Pale mfupa wa mkia palikuwa safi. Wekundu mdogo kwenye paja la kulia ukapotea kabla mama hajamaliza kumvisha.

Kile cha inchi 18 anakalia bibi yake, barazani. Yeye anasema kimemkaa vizuri.