Homa ya manjano si homa ya ini, na kadi ya njano si chanjo

Juzi kijana mmoja wa hapa Mombasa alifika dirishani kwetu kwenye kituo cha chanjo, tiketi ya kwenda Mumbai mkononi. Alikuwa anamsindikiza baba yake kwenda kufanyiwa upasuaji wa moyo, na safari ilikuwa imebaki siku tano. Nikamwuliza kama amechanjwa homa ya manjano. Akajibu bila wasiwasi, "Ndiyo sista, nilichoma zote tatu." Hapo nikajua hajachanjwa. Chanjo ya homa ya manjano ni sindano moja tu. Ile ya mara tatu aliyoichoma ni ya homa ya ini.

Si yeye wa kwanza, na ndiyo maana nimeamua kuandika. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano ni hati ya kimataifa inayothibitisha kwamba mwenye nacho amechanjwa dhidi ya ugonjwa huo, lini, na kwa dawa ipi. Nchi ina haki ya kukidai mpakani kwa mujibu wa Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005. Maana yenyewe ni hiyo, haina ugumu. Ugumu uko kwenye majina.

Neno manjano limetoka jikoni. Ni ile bizari inayopaka rangi mchuzi na vidole, na rangi yake ikachukua jina lake. Ini likiumia, nyongo huingia kwenye damu, na macho na ngozi hugeuka rangi hiyohiyo ya bizari. Kwa hiyo wazee wetu walipoona macho ya mgonjwa yamekuwa hivyo, walisema ana manjano, na hawakukosea, kwa sababu walikuwa wanataja dalili. Shida ni kwamba dalili hiyo ina wazazi wengi. Mtoto mchanga anaweza kuwa na manjano siku chache baada ya kuzaliwa. Mtu mwenye homa ya ini anaweza kuwa nayo. Mwenye mawe kwenye nyongo naye pia. Homa ya manjano ni jina la ugonjwa mmoja tu kati ya hiyo yote: virusi vinavyoenezwa na mbu, jamaa yule mwenye madoadoa meupe miguuni anayeuma mchana, ndiye anayeeneza pia dengue. Homa ya ini haina habari na mbu. Ile ya aina B hupita kwenye damu, kwenye kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Ni magonjwa mawili, virusi viwili na chanjo mbili. Hata mgonjwa wa homa ya manjano mwenyewe mara nyingi hageuki rangi kabisa, kwa kuwa wengi huishia kwenye homa na maumivu ya mgongo kisha wakapona.

Halafu kuna rangi ya kadi. Kile kijitabu ambamo cheti hujazwa ni cha njano, kwa hiyo watu wakakiita kadi ya njano, na kutoka hapo wakaona kwamba kadi ya njano na homa ya manjano ni kitu kimoja. Sivyo. Kijitabu kile ni cha chanjo yoyote ya msafiri. Zamani ndicho kilichobeba ndui na kipindupindu. Cheti cha kipindupindu kiliondolewa kwenye kanuni mwaka 1973, na cha ndui mwaka 1981, baada ya ugonjwa wenyewe kufutika duniani. Hadi leo mahujaji wetu hugongewa humo chanjo ya homa ya uti wa mgongo, ambayo Saudia huidai. Nimemwona mama mtu mzima ameshika kadi yake kwa fahari, safi, imefungwa kwenye nailoni, na ndani kuna mstari mmoja tu, wa uti wa mgongo. Alikuwa na kadi ya njano. Chanjo ya homa ya manjano hakuwa nayo.

Lugha yetu wenyewe ingetusaidia hapa kama tungeisikiliza. Chanjo imetokana na kuchanja, yaani kutia chale, kukata ngozi kidogo ili dawa iingie mwilini. Ni neno la mwili. Cheti tumelipata kutoka Bara Hindi, kwenye neno la barua au kikaratasi. Ni neno la karatasi. Ofisa wa mpakani hana namna ya kuona mwili wako umechanjwa, anaona karatasi. Lakini mbu hasomi karatasi. Ndiyo maana kadi ya kununua mtaani ni hatari kuliko kutokuwa na kadi, kwa sababu inakupeleka Kinshasa ukiwa mtupu.

Sasa karatasi ikoje ili ikubalike? Jina liwe kama lilivyo kwenye pasipoti. Kuwe na tarehe ya kuchanjwa, jina la ugonjwa, mtengenezaji wa dawa pamoja na ile namba ya kwenye kichupa, muhuri wa kituo, na sahihi ya mkono ya mhudumu. Muhuri hauchukui nafasi ya sahihi. Ijazwe kwa Kiingereza au Kifaransa. Mtoto awe na ya kwake, mzazi amtilie sahihi. Ukikwaruza, ukifuta au ukiacha nafasi wazi, ofisa ana ruhusa ya kuikataa. Naandika kwa kalamu polepole mtu akiwa ananiharakisha, na hiyo ndiyo sababu.

Neno jingine linalotumika vibaya ni "kuisha muda". Zamani cheti kilidumu miaka 10. Kuanzia tarehe 11 Julai 2016 kinadumu maisha yote ya aliyechanjwa, hata kama kilitolewa kabla ya siku hiyo na kimeandikwa miaka 10. Ukiwa nacho cha mwaka 2009 kilichojazwa vizuri, usikitupe. Jambo lenye muda ni mwanzo wake, si mwisho: cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano. Kabla ya hapo umechanjwa, ila mbele ya sheria bado.

Turudi kwa kijana wangu. Tuseme nimemchanja tarehe 3. Cheti chake kinaanza kufanya kazi tarehe 13. Anaondoka Nairobi tarehe 8 na kutua Mumbai tarehe 9. India haina homa ya manjano, lakini mbu wake inao tele, na watu wake hawajachanjwa. Mgonjwa mmoja akiumwa na mbu wa pale anaweza kuanzisha moto usiozimika. Kwa hiyo India ni kali sana kwa abiria wanaotoka nchi zenye ugonjwa huu, Kenya na Uganda zikiwemo. Kanuni zinaruhusu msafiri wa namna hiyo awekwe karantini mpaka cheti chake kianze kufanya kazi, au mpaka zitimie siku 6 tangu alipoweza kuambukizwa mara ya mwisho, lolote litakalotangulia. Siku 6 ni kwa sababu virusi hivi vikishaingia mwilini huwa vimejitokeza ndani ya muda huo. Mhesabie: ameondoka Kenya tarehe 8, siku 6 zinatimia tarehe 14. Cheti kinaanza tarehe 13. Basi atatoka tarehe 13. Asingechanjwa kabisa, angetoka tarehe 14. Sindano ya dakika za mwisho imemwokolea siku moja, na siku nne hizo baba yake mwenye moyo mgonjwa yuko hospitalini peke yake.

Na hapo ni kama amefika. Wengi hawafiki, kwa sababu shirika la ndege hukagua kadi kwenye kaunta ya kuondokea, na asiye nayo hubaki na mabegi yake. Wengine hurudishwa wakishatua. Machi 2012 Afrika Kusini iliwarudisha Wanigeria 125 waliotua Johannesburg kwa madai kwamba kadi zao hazikuwa halali. Nigeria nayo ikaanza kuwarudisha raia wa Afrika Kusini, na siku chache baadaye Afrika Kusini ikaomba radhi rasmi. Karatasi moja ya njano iligeuka ugomvi wa serikali mbili.

Karantini si jela, naomba tuache kuiita hivyo. Hujashtakiwa kosa. Unawekwa mahali ambapo mbu hakufikii, ili kama umebeba virusi usimpe. Kanuni zinataka msafiri wa kawaida asitozwe fedha kwa karantini hiyo. Na aliye na sababu ya kitabibu ya kutochanjwa, kama kinga iliyoshuka sana au mzio mkali wa mayai, anaweza kupewa barua ya daktari ya kumwondolea sharti. Barua hiyo inaheshimiwa, lakini haiondoi haki ya nchi ile kumweka siku zake 6.

Kuna wanaoniambia, "Mimi Mtanzania, kwetu hakuna homa ya manjano, wananidai ya nini?" Pasipoti haiulizwi hapa. Inaulizwa njia uliyopita. Mtanzania aliyekaa Lubumbashi wiki mbili atadaiwa kadi akirudi nyumbani kwake mwenyewe, na Mjerumani aliyetoka kwao moja kwa moja hadi Dar es Salaam hatadaiwa. Uganda na Kongo ni habari nyingine: ugonjwa uko kwao, kwa hiyo wanataka kila anayeingia awe amekingwa, atoke atokako.

Yule kijana nilimchanja, nikamjazia kadi, nikamwandikia tarehe 13 mahali pake na kumwomba asogeze tiketi. Alisogeza, na baba akakubali kumngoja. Wakati anaondoka alimpigia mama yake simu akiwa bado mlangoni: "Mama, nimeshapata ile ya manjano." Nikamwita arudi kidogo. Nikamwambia, kaka, mwambie mama umechanjwa homa ya manjano, ile ya mbu, na kwamba ile uliyochoma mara tatu ilikuwa ya ini. Naye pia anasafiri mwezi ujao.